Rejesho, riba na salio: jedwali la mkopo la Excel linapokupa majibu ya ajabu

Malalamiko ya majedwali ya mikopo hujirudia. Mweka hazina wa kikundi cha Sahare na karani wa ofisi ya mikopo Ngamiani huenda hawajuani, lakini ukifungua mafaili yao utakuta ugonjwa ni uleule: rejesho la mamilioni, riba isiyoshuka, au salio linalogoma kufika sifuri mwezi wa mwisho. Hapa nimeyapanga kwa dalili, na kila dalili inaanza na sababu inayoonekana mara nyingi zaidi.

Mfano ni mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, ili uweze kulinganisha namba zako na zangu. Mwanachama amekopa 6,000,000 anunue mashine ya boti. Riba ni 18% kwa mwaka, inatozwa kwenye salio linalopungua, na atalipa kwa miezi 12. Juu ya karatasi weka mambo manne: mkopo, riba ya mwaka, idadi ya miezi, na rejesho la kila mwezi.

```
B1   6000000
B2   18%
B3   12
B4   =ROUND(-PMT(B2/12,B3,B1),0)
```

B4 ikupe 550,080. Vichwa vya jedwali vikae mstari wa 6: Mwezi, Salio la mwanzo, Rejesho, Riba, Mtaji, Salio. Mtaji hapa ni ile sehemu ya rejesho inayokata deni lenyewe baada ya riba kutolewa. Mstari wa 7 ndio mwezi wa kwanza:

```
A7   1
B7   =$B$1
C7   =$B$4
D7   =ROUND(B7*$B$2/12,0)
E7   =C7-D7
F7   =B7-E7
```

Mstari wa 8 una tofauti mbili tu: A8 ni `=A7+1` na B8 ni `=F7`. Seli za C hadi F zikopi kutoka mstari wa 7. Ukishamaliza, chagua mstari wa 8 wote na uuburute hadi mstari wa 18. Mwezi wa kwanza riba iwe 90,000 na salio 5,539,920. Mwezi wa pili riba iwe 83,099. Ukipata hizo, msingi wako uko sawa.

Dalili: rejesho lina alama ya kutoa, au ni jekundu

Hii si hitilafu. PMT inahesabu fedha kwa upande wa mkopaji: mkopo umeingia mfukoni, kwa hiyo rejesho linatoka, na kinachotoka huandikwa hasi. Weka alama ya kutoa mbele ya PMT kama nilivyofanya hapo juu. Usiiweke kwenye B1, maana ukifanya mkopo uwe hasi safu ya salio nayo itageuka kichwa chini. Na usiiache hivyo ukidhani utarekebisha baadaye kwenye C, kwa sababu hapo ndipo watu huishia kujumlisha pale walipotakiwa kutoa.

Dalili: rejesho ni kubwa kupita kiasi

Namba yenyewe hukuonyesha kosa liko wapi, kwa hiyo iangalie vizuri kabla hujafuta chochote.

Ukiona 1,251,767 hivi, umesahau kugawa riba kwa 12. Excel imechukua 18% kama riba ya mwezi mmoja. Hilo ndilo kosa linaloongoza.

Ukiona 6,090,000, umeandika 1 kwenye idadi ya vipindi, ukimaanisha mwaka mmoja. Excel haijui mwaka wala mwezi, inajua vipindi. Riba ikiwa ya mwezi, vipindi navyo lazima viwe miezi. Kikundi kinachorejesha kila wiki kigawe riba kwa 52 na kihesabu wiki.

Ukiona zaidi ya milioni 9, seli ya riba ina 18 kamili badala ya 18%. Ibofye seli ya B2 kisha ubonyeze alama ya asilimia kwenye menyu: ikigeuka 1800%, umeshampata mchawi. Futa, andika `18%` pamoja na alama yake. Mtego mwingine mdogo ni mkataba unaotaja riba ya mwezi, mathalani 1.5% kwa mwezi. Hapo B2 iwe 1.5% na usigawe tena kwa 12, si kwenye PMT wala kwenye safu ya riba. Kwa maoni yangu ni salama zaidi kuzidisha kwa 12 na kuandika riba ya mwaka, ili fomula zibaki zilezile kwa mikopo yote.

Dalili: mstari wa kwanza ni sahihi, ukiburuta chini mambo yanaharibika

Hapa ndipo penye kazi. Fomula ikiburutwa kwenda chini, kila anwani iliyomo ndani yake inashuka nayo: B2 inakuwa B3, B3 inakuwa B4. Alama ya dola ndiyo inayoizuia. `$B$2` haisogei hata uiburute mpaka mwisho wa karatasi.

Tuseme D7 uliiandika `=ROUND(B7*B2/12,0)` bila dola. Mstari wa 7 unakupa 90,000, unaridhika, unaburuta. Mstari wa 8 sasa unazidisha salio kwa B3, ambayo ni miezi 12, kisha unagawa kwa 12. Riba inatoka 5,539,920, sawasawa na salio lote. Mtaji unakuwa hasi 4,989,840 na deni linapanda hadi 10,529,760. Mstari wa 9 unazidisha salio hilo kwa rejesho lenyewe lililoko B4, na riba ya mwezi mmoja inafika shilingi bilioni 482 na ushei. Seli haitoshi, inajaa alama za ####. Watu wengi hapo hupanua safu wakidhani tatizo ni upana.

Kipimo cha haraka: bofya D8, kisha bonyeza F2. Excel itapaka rangi seli zinazotumiwa na fomula hiyo. Rangi mbili zinatakiwa ziwe kwenye B8 na B2. Ikiwa rangi moja imeangukia B3, rudi D7, weka kishale kwenye anwani ya riba, bonyeza F4 mpaka dola mbili zitokee, kisha uburute upya. Kwenye laptopu nyingi F4 haifanyi kazi mpaka uishike pamoja na kitufe cha Fn. Ikishindikana, andika dola kwa mkono.

Sababu ya pili ni kinyume chake: umefunga mno. Riba inasoma 90,000 miezi yote 12. Maana yake D7 inatazama `$B$1` au `$B$7`, yaani mkopo wa mwanzo, na haishuki na salio. Ushahidi wake uko chini kabisa, ambapo salio la mwezi wa 12 linabaki 479,040 ilhali mtu amelipa yote. Anwani ya salio isifungwe kabisa. Kanuni ninayowapa makarani ni hii: kilichoko juu ya vichwa vya jedwali kinafungwa, kilichoko ndani ya jedwali hakifungwi.

Sababu ya tatu hujificha kwa sababu jedwali linaonekana linapendeza. Mtu ameandika F7 kuwa `=B7-C7`, ametoa rejesho lote kwenye deni kana kwamba riba haipo. Salio linashuka vizuri, tena kwa kasi, halafu mwezi wa 11 linakuwa hasi 50,880 na mwezi wa 12 hasi 600,960. Hiyo ya mwisho ndiyo riba yote ya mkopo, umemsamehe mkopaji bila kikao. Salio linapunguzwa na safu ya Mtaji, si ya Rejesho.

Dalili: #VALUE!, au jumla inaruka baadhi ya namba

Sababu ya kwanza kwetu huku ni mazoea ya kuandika fedha. Mtu akizoea risiti ataandika `6,000,000/=` ndani ya seli, na kwa Excel hayo ni maneno. Hauwezi kuzidisha maneno, ndiyo maana linatoka #VALUE!. Vivyo hivyo ukiandika "miezi 12" kwenye B3, au "Sh" mbele ya mkopo.

Tazama kwanza upande ambao namba imeegemea. Kama hukupanga mwenyewe, namba halisi huegemea kulia na maneno huegemea kushoto. Kuhakikisha, andika kwenye seli yoyote tupu:

```
=ISNUMBER(B1)
```

Ikikujibu FALSE, futa na uandike tarakimu tupu. Ukitaka `/=` ionekane kwenye karatasi ya kuchapa, na kweli wanachama huipenda, iweke kama vazi la seli, si kama maandishi yake. Bonyeza Ctrl+1, nenda Number, chagua Custom, andika:

```
#,##0"/="
```

Seli itaonyesha 6,000,000/= huku ndani ikibaki namba.

Kuna aina ya pili isiyopiga kelele. Namba ikiwa na kiapostrofi mbele, au seli ikiwa imepangwa kama Text, fomula ya kuzidisha bado inaweza kuisoma, lakini SUM inaipita kimyakimya. Jumla ya marejesho inakuwa pungufu na hakuna onyo kubwa, ila pembetatu ndogo ya kijani kwenye kona ya seli. Hii huwapata sana wanaonakili kiasi kutoka kwenye ujumbe wa simu. Ikiwa ni seli chache, kuandika upya ni haraka kuliko ujanja wowote.

Dalili: fomula inaonekana kama ilivyoandikwa, au haibadiliki ukibadili mkopo

Ukiona `=C7-D7` badala ya jibu kwenye seli moja, seli hiyo imepangwa kama Text: igeuze iwe General, bonyeza F2, kisha Enter. Ikiwa karatasi nzima iko hivyo, kuna aliyebonyeza Ctrl na kitufe cha ` kilicho chini ya Esc, bonyeza tena. Ikiwa majibu yapo ila hayasogei, nenda Formulas, kisha Calculation Options, uchague Automatic.

Dalili: onyo la mzunguko

Excel inasema kuna "circular references" na seli inaonyesha 0. Karibu kila mara ni B8 iliyoandikwa `=F8` badala ya `=F7`: salio la mwanzo linasubiri salio la mwisho la mwezi huohuo, nalo linalisubiri hilo. Salio la mwanzo siku zote linatoka mstari wa juu yake. Ukishindwa kuiona, fungua Formulas, bofya mshale wa Error Checking, kisha Circular References, utatajiwa seli yenyewe.

Onyo hapa: usiwashe kile kisanduku cha Enable iterative calculation ili kunyamazisha ujumbe. Utanyamaza kweli, na jedwali litaendelea kutoa namba, lakini hutajua tena zipi ni za kweli. Ukikuta faili la kikundi ambalo kisanduku hicho kimewashwa na jedwali lake limeshatumika kudai watu, usilirekebishe peke yako. Hifadhi nakala, mwite mhasibu.

Dalili: salio la mwisho si sifuri kamili

Huu ndio ugomvi wa kila mwisho wa mkopo. Ukifuata fomula zangu za mwanzo bila kuongeza kitu, mwezi wa 12 salio litasoma -1. Hakuna aliyekosea. Rejesho halisi kabla ya kukatwa senti ni 550,079.96, nasi tumeliinua hadi 550,080. Riba nayo tumeikata senti kila mwezi. Vipande hivyo vinakusanyika na kutokea mwishoni.

Dawa ni kuliacha rejesho la mwisho libebe tofauti. Mwezi wa mwisho mkopaji analipa salio la mwanzo pamoja na riba yake, basi. Weka hii C7, kisha uiburute hadi C18:

```
=IF(A7=$B$3,B7+D7,$B$4)
```

Mwezi wa 12 unaanza na 541,950, riba ni 8,129, rejesho linakuwa 550,079 na salio linafika 0. Jumla ya riba ni 600,959.

Lakini nani atalipa 550,080 dirishani? Shilingi 80 hiyo itamtoa jasho keshia kutafuta chenji. Vikundi vingi hupandisha hadi elfu inayofuata, na Excel inalifanya hilo kwenye B4:

```
=ROUNDUP(-PMT(B2/12,B3,B1),-3)
```

Rejesho linakuwa 551,000, na ile IF inajirekebisha yenyewe: mwezi wa mwisho mtu analipa 539,001 tu. Mwambieni mkopaji mapema. Kuna wanaolipa 551,000 hadi mwisho bila kuulizwa, na ile elfu kumi na mbili ya ziada inaelea kwenye vitabu vya kikundi bila mwenyewe.

Sababu ya pili ya salio kutokuwa sifuri ni kuficha senti badala ya kuzikata. Ukipunguza desimali kwa kile kitufe cha menyu, Excel inaonyesha 83,099 lakini ndani imeshika 83,098.80. Mzee wa kamati akichukua kalkuleta na karatasi iliyochapwa, akijumlisha safu ya riba, jumla yake inaweza kupishana na ya kompyuta kwa shilingi moja au mbili. Shilingi yenyewe haina uzito, ila kikao kikishaanza kuulizana imekwenda wapi, hamtamaliza leo. Ndiyo sababu ROUND iko ndani ya fomula ya riba.

Sababu ya tatu, nadra ila nzito: salio limebaki laki kadhaa, au kama umeweka ile IF, salio ni 0 lakini rejesho la mwezi wa mwisho limezidi kwa laki kadhaa. Hilo si la senti. Kuna mtu ameandika namba kwa mkono juu ya fomula, mara nyingi kwenye safu ya Rejesho, kwa sababu mwanachama alileta 300,000 badala ya rejesho kamili wakati bahari imechafuka. Bofya safu ya C seli moja baada ya nyingine ukiangalia ule mstari wa fomula juu; isiyo na alama ya = ndiyo hiyo. Jedwali hili ni la kilichopangwa kulipwa. Kilicholipwa kweli kiwekee safu yake pembeni, G, na tarehe yake H. Mkopo ukishakuwa na malipo pungufu na faini ya ucheleweshaji, hapo simama. Namna faini inavyohesabiwa, na kama inaanza kukata riba au mtaji, inaamuliwa na mkataba. Usibuni fomula yake.

Dalili: jedwali lako ni sahihi lakini halilingani na la mkopeshaji

Mwanachama anakuja na karatasi inayosema rejesho ni 590,000. Mkopo uleule, 18% ileile, miezi ileile. Kabla hujamwambia ameibiwa, piga hesabu hii: 18% ya 6,000,000 ni 1,080,000, jumlisha na mkopo, gawa kwa 12. Utapata 590,000 kamili. Huyo anatoza riba ya flati, yaani kwenye mkopo wote wa mwanzo hadi siku ya mwisho, hata pale nusu ya deni imekwisha lipwa. Fomula zako hazina kosa, ni mikopo miwili tofauti yenye asilimia moja. Tofauti ya riba kati yake ni 479,041.

Ukitaka kujua flati hiyo ingekuwa asilimia ngapi kwa salio linalopungua, Excel inajibu:

```
=RATE(12,-590000,6000000)*12
```

Jibu ni karibu 31.7% kwa mwaka. Rejesho liwe hasi na mkopo uwe chanya. Ukiacha vyote chanya itatoka #NUM!.

Ikiwa karatasi yao haiko 550,080 wala 590,000, angalia ada na bima. Kama zimejumuishwa kwenye mkopo, namba ya kuingiza B1 si ile aliyopokea mkononi. Baada ya hapo angalia siku: taasisi nyingine huhesabu riba kwa idadi ya siku kugawa kwa 365, hivyo riba ya Januari inapishana na ya Februari, na mkopo uliotoka tarehe 10 huku rejesho la kwanza likiwa mwisho wa mwezi unaofuata unabeba siku za ziada. Ukiona riba yao inapanda na kushuka kidogo kidogo badala ya kuteremka kwa mpangilio, ni hilo.

Hapo usiendelee kukisia wala kulazimisha namba zilingane. Mwombe mkopeshaji aeleze kwa maandishi njia anayotumia kuhesabu riba, tarehe anayoanzia, na orodha ya makato. Kama bado hazikubaliani, au deni limefika hatua ya kukamata dhamana, peleka mkataba, risiti zote za malipo na faili lako kwa mhasibu au mwanasheria kabla mwanachama hajasaini karatasi nyingine yoyote.